Nyutro ya taa ya ngazi, na bodi ndogo ya inveta

Wengi wakinunua inveta huchomeka ekstensheni, wakaunganisha televisheni na ruta, mambo yakaishia hapo. Mimi nilitaka stima ikipotea taa za nyumba, friji na soketi mbili za sebuleni ziendelee zenyewe bila mtu kuinuka. Hiyo inahitaji bodi ya pili, ndogo, inayolishwa na inveta tu, kando ya ile kubwa ya Kenya Power. Tunakaa mezoneti ya zamani Buruburu, yenye waya nyekundu na nyeusi za enzi zile, kwa hiyo nilimtafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, nami nikawa wa kushika tochi na kuuliza maswali.

Inveta ni ya wati 1,500, na betri ni ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 2,560, lakini usizihesabu zote: ukiacha asilimia 20 ndani ya betri na kutoa kinachopotea ndani ya inveta, unabaki na kama 1,800. Jioni yetu ya kawaida ni taa sita za wati 9, televisheni ya 80, ruta ya 12, laptopu ya 60, na friji ambayo kwa wastani, ikiwaka na kuzima, hula kama 60. Jumla haifiki 270, kwa hiyo tuna saa sita na ushee. Shawa ya maji moto, pasi na birika vilibaki bodi kubwa bila mjadala.

Soketi ndizo zilizokuwa rahisi, ingawa zilitugharimu waya. Soketi zetu za chini zimefungwa kwa mduara: waya hutoka kwenye bodi, hupita soketi zote mpaka za jikoni, kisha hurudi kwenye breka ileile. Huwezi kuchomoa soketi moja katikati ya mduara huo ukaipeleka kwingine, na ukiuhamisha wote, birika la jikoni linahamia kwenye inveta. Fundi alipitisha waya mpya wa milimita 2.5 ndani ya tranki ya plastiki kutoka bodi ndogo hadi soketi mpya tatu: moja ya friji, mbili za sebuleni. Za zamani hazikuguswa.

Taa ndizo zilizotushughulisha. Bodi kubwa ilikuwa na breka mbili za taa, moja ya chini na moja ya juu. Wazo langu lilikuwa kuhamisha zile za chini peke yake. Fundi akaniuliza, "Mzee, taa ya ngazi inawashiwa wapi?" Nikamwambia chini na juu, swichi mbili. Akatikisa kichwa. "Hapo ndipo nyutro huazimwa."

Taa ya ngazi ina swichi kila upande, na mafundi wa zamani, ili kuokoa waya, walichukua laivu kutoka saketi ya chini na nyutro kutoka saketi iliyo karibu, yaani ya juu. Taa inawaka vizuri miaka yote kwa sababu nyutro zote mbili zinakutana kwenye bodi moja. Ukizitenga, ukapeleka saketi ya chini kwenye inveta na kuacha ya juu kwa Kenya Power, stima ya inveta inaingia kwenye taa kisha inatafuta kurudi kwa nyutro isiyo yake. RCD inalinganisha kinachotoka na kinachorudi. Ikiona havilingani, inakata. Na kama hakuna RCD, kuna jambo baya zaidi: anayefungua nyutro ya juu akiamini amezima breka yake anakuta volti 240 zimepita kwenye taa na kumngojea kwenye ncha ya waya mweusi.

Tulipima stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu, na kipima volti kimethibitisha hakuna kitu. Fundi alitoa laivu na nyutro za saketi zote mbili za taa kwenye bodi, akaziacha zikining'inia mbalimbali. Kisha akatoa balbu ya LED ya ngazi na kuweka balbu ya zamani ya wati 60. Balbu hiyo ni muhimu, kwa sababu mita ya kawaida haioni kitu kupitia LED, lakini uzi wa balbu ya zamani ukiwa baridi huonyesha omu kama 70. Akaweka ncha moja ya mita kwenye laivu ya chini, nyingine kwenye nyutro ya juu, nami nikapanda ngazi kugeuza swichi. Nikigeuza, mita inasoma 68. Nikigeuza tena, hakuna kitu. Nyutro ilikuwa ya kuazima kweli.

Dawa mojawapo ni kuvuta waya mpya wa nyutro mpaka kwenye taa, lakini ukuta wa ngazi ni wa mawe na mifereji imeziba. Tukachagua nyingine: saketi zote mbili zikahamishiwa bodi ndogo, laivu zote mbili chini ya breka moja ya ampea 6, nyutro zote mbili kwenye baa moja ya nyutro. Sasa ni saketi moja, na ukiizima inazimika yote. Balbu 16 za LED zikiwaka kwa pamoja ni wati 144, hata ampea moja haifiki, kwa hiyo waya wa milimita 1.5 haulemewi. Hasara yake ni kwamba breka hiyo ikiruka, nyumba nzima ni giza. Taa mbili za kuchaji zinazokaa kabatini zinatosha kwa hilo.

Nyutro ilikuwa na swali moja tena. Stima ya Kenya Power ikiwepo, nyutro imeungana na ardhi upande wa mtandao. Inveta ikianza kutumia betri hujitenga na mtandao, na kama haina rilei ya ndani ya kuunganisha nyutro na ethi, RCD ya bodi ndogo inabaki pambo: laivu ikigusa mwili wa friji, hakuna njia ya stima kurudi, na RCD haioni tofauti. Kitufe cha kujaribia hakikuambii hili, kwani chenyewe hupitisha stima kati ya laivu na nyutro, kwa hiyo RCD itaruka hata kama muungano haupo. Tulizima swichi kuu, inveta ikiwa kwenye betri, tukapima nyutro na ethi kwenye soketi mpya. Ilisoma chini ya volti moja, maana rilei ipo. Ingesoma 100 hivi, tungehitaji rilei ya nje inayoungana wakati wa betri tu. Kuunganisha nyutro na ethi moja kwa moja ndani ya bodi ndogo hakufai, kwa sababu stima ya mtandao ikirudi, RCD ya bodi kubwa itakuwa inaruka kila mara.

Mengine yalikuwa mafupi. Kati ya bodi mbili kuna swichi ya kubadilishia ya nafasi tatu, inayokata laivu na nyutro pamoja, ili inveta ikiharibika bodi ndogo ilishwe moja kwa moja na Kenya Power. Fyuzi ya ampea 100 iko karibu kabisa na betri, si karibu na inveta. Kwenye mipangilio ya inveta tuliacha UPS, inayohamia betri haraka zaidi, badala ya APL, na ruta haizimiki stima ikipotea.

Breka ya soketi mpya ilizua ubishi kidogo dukani Luthuli, muuzaji akinisukumia ya ampea 16. Lakini ampea 16 kwa volti 240 ni zaidi ya wati 3,800, na inveta yangu ni ya 1,500: ingelia na kujizima, taa zikiwemo, kabla breka haijashtuka. Nilichukua ya ampea 6, aina ya C ili isiruke friji inapoanza. Mgeni akichomeka pasi kubwa sebuleni, breka hiyo huweza kuruka baada ya dakika kadhaa au, betri ikiwa inafanya kazi, inveta hulalamika kwa mlio kwanza. Soketi hizo tatu nimezibandika alama nyekundu, na wanangu wanajua.