Shauri la Minazi Ng'ambo ya Mto

Mwaka 2022 nilikuwa mjumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu, kusini mwa Mto Pangani, mkoani Tanga. Sheria inataka wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mstaafu, ndiye niliyekabidhiwa daftari la kuandikia. Mashauri yetu mengi yalikuwa ya mbuzi waliokula mihogo ya jirani na yaliisha siku ileile. La mjane mmoja na shemeji yake halikwisha, na ndilo lililonifundisha kupima kazi yetu na kazi ya mahakama bila kuvutwa na mapenzi ya upande wowote.

Marehemu mumewe alikuwa amenunua kipande cha shamba kilichopakana na shamba la urithi la kaka yake, naye akakipanda minazi. Karatasi ya mauziano ilikuwapo, imeandikwa kwa mkono na kushuhudiwa na mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo, lakini mipaka ilielezwa kwa maneno tu, kwamba upande wa kusini shamba linaishia kwenye minyaa. Baada ya msiba ile minyaa ilikatwa, na shemeji akaanza kuangua nazi za safu mbili za mpakani akisema kuwa ni mali ya ukoo.

Sisi hatukukaa barazani kubishania karatasi, bali tulikwenda shambani, na shahidi wetu mkubwa akawa mkwezi. Mzee huyo alikuwa akikwea minazi ya pande zote mbili kwa miaka mingi, na mkwezi hasahau nani humlipa kwa mnazi upi. Alipita mti kwa mti, akigonga shina kwa mpini wa panga lake, akitaja: huu wa marehemu, huu wa marehemu, huu wa kaka mtu. Alituonyesha pia kwamba minazi ya marehemu ilipandwa kwa mstari, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa hatua kama kumi, ilhali ile ya urithi ilikuwa ya zamani zaidi na imetawanyika ovyo. Chini ya majani tulikuta visiki vya minyaa vikichipua upya, navyo vilifuata mstari uleule alioutaja. Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mjumbe aliyekuwa na shaka.

Tatizo lilianza tuliporudi kukaa. Kazi ya baraza la kijiji kisheria ni kusuluhisha, si kuhukumu, na msuluhishi hutafuta kauli ambayo pande zote mbili zitaikubali. Shemeji alikuwa mkubwa wa ukoo, mtu anayeombwa dua kwenye maulidi, na wajumbe wawili walikuwa na undugu naye. Mwenyekiti akapendekeza kwamba safu moja ibaki kwa mjane na ya pili iende kwa shemeji, ili watoto wasije wakakosa baba mkubwa wa kuwaozesha.

"Mwalimu," mjane akaniambia mimi, kwa sababu nilikuwa na kalamu mkononi, "changu kikigawanywa nusu, hapo mimi nimesuluhishwa au nimenyang'anywa?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo naona hapo ndipo penye kasoro kubwa ya mabaraza yetu, wala si katika kutojua sheria kama watu wa mjini wanavyodhani. Ukweli tuliupata kwa haraka na kwa usahihi, kisha tukaugawa kwa ajili ya amani, na gharama ya amani hiyo ilimwangukia asiye na ukoo nyuma yake. Mjane alikataa. Shemeji naye alikataa hata ile nusu, nasi hatukuwa na nguvu ya kumlazimisha yeyote.

Shauri likapelekwa Baraza la Kata. Zamani baraza hilo liliweza kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3, lakini marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, likabakia na usuluhishi. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mdai anaweza kusonga mbele. Alipewa hati yake, akavuka kivuko cha Pangani kwenda Tanga, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa utaratibu wake ni mahakama.

Huko shemeji alikuja na wakili, jambo ambalo kwetu lisingeruhusiwa. Wakili hakugusa habari ya minazi hata kidogo. Aliweka pingamizi la awali kwamba ardhi inayodaiwa ni ya marehemu, na anayeweza kuidai kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mjane hakutoshi. Pingamizi lilikubaliwa na shauri likaondolewa kabla mkwezi hajafungua mdomo. Kijijini watu walisema amehongwa mtu. Mimi sikuamini, kwa sababu kanuni yenyewe ina maana: bila msimamizi mmoja, kila mrithi angeweza kufungua kesi yake juu ya shamba lilelile. Lakini hakuna aliyemweleza mama yule jambo hilo mapema, nasi wa kijijini hatukuwahi kuliuliza, kwa kuwa kwetu mjane ni mjane.

Akaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Karani akataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kilimhitaji mkubwa wa ukoo, yaani mdaiwa wake! Hatimaye wajomba wa watoto na shangazi mmoja mwenye msimamo walikaa bila yeye, wakaandika muhtasari, na uteuzi ukapatikana.

Safari ya pili shauri lilisikilizwa. Liliahirishwa mara nyingi: leo wakili yuko Mahakama Kuu, kesho wazee wa baraza hawakutimia. Kila tarehe ilimgharimu nauli na siku ya kazi, pamoja na chakula cha mashahidi. Hata hivyo, siku mkwezi aliposimama, wakili alimhoji kwa ukali ambao hakuna mjumbe wetu angethubutu kuutumia mbele ya mzee, naye hakuyumba. Na mwenyekiti wa baraza, asiyemjua yeyote kati yao, aliandika kila neno. Mwishoni walikuja wenyewe kulitembelea eneo, wakaviona visiki vilevile. Hukumu ilimpa mjane safu zote mbili, na shemeji akajulishwa kwamba asipotii, hukumu itakaziwa kwa nguvu ya dola. Aliacha kuangua nazi wiki hiyohiyo.

Lakini mahakama huamua kile tu kilichoombwa kwenye madai. Njia ya kwenda kisimani ilipita ndani ya shamba la shemeji, na kwa kuwa haikuandikwa popote kwenye hati ya madai, hukumu haikuitaja. Shemeji aliifunga kwa miiba. Mjane alipokuja tena kwangu, hakuzungumzia kwenda Tanga. Aliomba tuitishe kikao.

Safari hii kikao kilikuwa chepesi, kwa sababu hapakuwa na cha kugawa. Umiliki ulikwisha kuamuliwa na watu wasiohitaji kumwamkia shemeji asubuhi ya pili, kwa hiyo wajumbe hawakuona haya kumwambia kwamba maji hayazuiwi. Yeye naye alitoa lalamiko la haki, kwamba mbuzi wa watoto wa marehemu hupitia njia hiyo na kula miche yake. Niliandika kwamba njia itafunguliwa kwa upana wa watu wawili kupishana, mbuzi watapitishwa wakiwa wamefungwa kamba, na miiba itaondolewa na aliyeiweka. Wote wawili walitia dole gumba, na nakala moja nikaipeleka ofisi ya mtendaji wa kijiji.