Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa watoto wenye moyo dhaifu

Saa moja asubuhi napokea zamu katika wodi ya watoto, napima uzito wa wagonjwa wangu na kusoma mafaili yao. Watu wengi hudhani kazi yangu ni kubembeleza watoto na kuchoma sindano, kumbe sehemu kubwa ya asubuhi naitumia kutazama matone machache ya dawa kwenye mwanga wa dirisha.

Saa mbili ni zamu ya digoksini. Dawa hii husaidia moyo uliochoka usukume damu kwa nguvu zaidi, lakini kipimo kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru. Mtoto wa kilo 4 aliyeandikiwa mikrogramu 5 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku, anahitaji mikrogramu 20 kila mara. Dawa yetu ya maji ina mikrogramu 50 katika kila mililita, kwa hiyo dozi yake ni mililita 0.4 tu, na nukta ikisomwa vibaya akapewa mililita 4, atakuwa amepata mara kumi. Ndiyo maana mimi na mwenzangu tunapiga hesabu kila mtu peke yake, kisha tunalinganisha majibu. Navuta dawa kwa bomba la mililita 1, nagonga kiputo cha hewa mpaka kitoke, kwa sababu kiputo kidogo tu kinaweza kula robo ya dozi. Kabla ya kumpa, naweka stetoskopu kifuani na kuhesabu mapigo kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Yakiwa chini ya 100, wodini kwetu dawa haitolewi mpaka daktari aitwe.

Saa tatu aliingia mama ambaye nilimruhusu mwenyewe kurudi nyumbani na mwanawe wiki mbili zilizopita. Mwanawe wa miezi mitano, mwenye tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo, alikuwa ameharisha siku tatu, akatapika tangu jana na sasa alikuwa anakataa titi. Kwa mtoto mwenye kuharisha, kutapika hakumshangazi mtu, na hapo ndipo sumu ya digoksini, ambayo nayo hutapisha, hujificha. Nilihesabu mapigo: 84, tena yakiruka. Nikarudia dakika nyingine nikapata 82.

“Mama, digoksini unampimiaje?”

“Mistari minne, Sista, kama ulivyonielekeza. Ila lile bomba dogo lilipotea, nikanunua jingine dukani.”

Alilitoa kwenye mkoba. Lilikuwa bomba la mililita 5, ambalo kila mstari wake mdogo ni mililita 0.2. Mistari minne ilikuwa mililita 0.8, yaani mikrogramu 40 badala ya 20, asubuhi na jioni, kwa siku tano. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu mistari badala ya kusoma namba, na jambo hilo liliniuma siku nzima.

Daktari alisimamisha dawa papo hapo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kwamba ishara kutoka vyumba vya juu ilikuwa inachelewa, na nyakati nyingine haifiki kabisa chini. Potasiamu ilikuwa 2.8, kwa kuwa kuharisha na furosemaidi, dawa yake ya kukojosha maji ya ziada, viliiondoa mwilini, na potasiamu ikipungua, digoksini huung'ang'ania moyo zaidi. Figo nazo, zinazotoa dawa hii, zilikuwa zimekosa maji.

Kilichonichosha zaidi ni kusubiri. Mtoto alikuwa amepewa dozi saa kumi na mbili asubuhi, na kiwango cha digoksini katika damu hakisomeki sawasawa kabla ya muda wa saa sita kupita tangu dozi, kwa sababu dawa huwa bado inasambaa kutoka kwenye damu kwenda kwenye misuli. Mama alitaka kujua kwa nini hatuchukui damu mara moja. Nilimweleza mara tatu, huku nikihesabu mapigo kila robo saa, na potasiamu ikiingia polepole kwenye dripu, kwani ikizidi nayo huzuia ishara za moyo. Kingamwili zinazofunga digoksini hatuna hapa, hivyo tiba yetu ilikuwa kuizuia, kurekebisha chumvi na kukesha macho kwenye skrini. Atropini, dawa ya kuharakisha mapigo, ilikuwa tayari imevutwa.

Mchana tulipotoa damu, jibu lilirudi baada ya muda: nanogramu 3.1 kwa mililita, ilhali tunapendelea isizidi 2. Sikumbuki vizuri saa zilizofuata, ila najua chakula changu kilipoa.

Jioni mtoto alinyonya kidogo bila kutapika, mapigo yakafika 98. Kabla ya kukabidhi zamu nilimpa mama bomba jipya la mililita 1, nikazungushia plasta nyembamba kwenye alama ya 0.4, nikamwomba avute maji. Alisoma namba kwa sauti, akavuta tena, na tena, huku mimi nikiandika kwenye faili: digoksini imesimamishwa, kipimo cha potasiamu kirudiwe saa nne usiku.