Jinsi nilivyoacha kuandika "dhahabu" kwenye hereni zilizochovywa

Nauza mapambo kwa simu kutoka Lamu mjini. Mwaka wa kwanza nilifuata ushauri wa muuzaji mwenzangu: "Andika dhahabu, mengine watauliza wenyewe." Hawakuuliza. Mteja wa Mombasa alivaa hereni zangu miezi miwili, kisha akaniandikia: "Dada, masikio yanawasha na kutoa maji. Hii ni dhahabu kweli?" Nilimrudishia pesa siku ileile, naye akanirudishia hereni. Ushauri ule unaniudhi hadi leo.

Nikajaribu sumaku. Haikunasa, nikafurahi. Sonara mzee wa mtaani kwetu akanikatiza: "Mwanangu, sumaku hainasi dhahabu, wala fedha, wala shaba. Sasa imekwambia nini?" Hata nikeli, madini yanayowasha ngozi za baadhi ya watu na ambayo hunaswa, ikiwa utando mwembamba juu ya shaba huwezi kuhisi mvuto wake.

Basi nikaagiza dawa ya kupimia nikeli Nairobi, vichupa viwili, kama bei ya jozi mbili za hereni. Unadondosha tone la kila kichupa kwenye kijiti cha pamba, unasugua hereni nusu dakika. Pamba ikigeuka ya waridi, nikeli inatoka. Nilipima jozi mpya, pamba ikabaki nyeupe! Kidogo nirudie kuandika nilivyokuwa nikiandika. Halafu nikachukua zile zilizorudishwa, nikasugua kulabu pale panapopita kwenye tundu la sikio. Waridi, tena ya kukolea. Ndani ni shaba ya manjano, juu yake nikeli, kisha dhahabu nyembamba kuliko unywele. Dhahabu ikilika, jasho hufika kwenye nikeli. Tangu siku hiyo, kila mzigo mpya nakwangua kulabu moja kwa msasa laini, kidogo tu nisimalize na nikeli yenyewe, ndipo napima.

Sonara alinibadilishia kulabu zote, akaweka za fedha. Sasa naandika hivi:

"Hereni za shaba ya manjano, zimechovywa dhahabu juu ya nikeli. Si dhahabu tupu; rangi itafifia panaposuguliwa. Kulabu ni fedha 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, iliyobaki shaba. Kama nikeli hukudhuru, jua kwamba pambo linaloning'inia bado linayo na linaweza kugusa shingo. Vua kabla ya kuoga, kuogelea na kujipaka mafuta au manukato. Futa kwa kitambaa kikavu laini. Usisugue kwa dawa ya meno wala magadi, utaondoa dhahabu. Kulabu zikiwa nyeusi, ni kawaida ya fedha, zifute."

Neno "salama kwa kila ngozi" siliandiki kabisa, kwani aliyekwisha kupata mzio wa nikeli kwa kawaida hubaki nao maisha yote. Wanaolalamikia alama ya kijani nawauliza kwanza kama panawasha. Kama hapawashi, hiyo ni shaba tu, hutoka kwa sabuni.

Yule mteja wa Mombasa alisoma maelezo mapya, akaagiza jozi ya fedha tupu.