Mara 2.67 ya nini? Nilivyojifunza kueleza uwiano wa odi

Sentensi iliyonitoa jasho niliiandika mwenyewe, kwenye ripoti ya kurasa nne: "Wagonjwa waliotumiwa ujumbe wa kukumbushwa walikuwa na uwezekano mara 2.67 zaidi wa kufika kliniki kuliko wasiotumiwa." Namba niliitoa kwenye regresheni ya lojistiki, modeli ya matokeo ya ndiyo au hapana, nikaihakiki mara mbili, nikalala usingizi.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wagonjwa 400 wenye miadi ya marudio waligawanywa kwa kura, 200 wakatumiwa ujumbe wa simu siku moja kabla na 200 hawakutumiwa. Waliotumiwa walifika 160. Wasiotumiwa walifika 120.

Kwenye kikao, sista mkuu wa kliniki, mama aliyeisimamia kwa miaka mingi, aliiweka ripoti mezani akachukua simu yake na kufungua kikokotoo.

"Mwanangu, bila ujumbe walifika wangapi katika mia?"

"Sitini, mama."

"Sitini mara mbili nukta sita saba ni mia na sitini." Akanionyesha kioo cha simu. "Katika wagonjwa mia, walifika mia na sitini?"

Sikuwa na jibu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi na sentensi yangu ilikuwa ya uongo, na sikujua kosa limeingilia wapi. Nilirudi nyumbani na karatasi tupu, nikaanza upya kwa namba zile zile, bila kompyuta.

Njia ya kwanza ya kuzilinganisha ndiyo aliyoitumia sista. Waliotumiwa ujumbe walifika 80 katika kila 100, wasiotumiwa 60 katika kila 100. Gawanya 80 kwa 60, unapata 1.33. Huo ndio uwiano wa hatari. Jina linatoka kwenye tafiti za magonjwa, ambako tokeo huwa ni ugonjwa au kifo, lakini linatumika hata tokeo likiwa jema kama kufika kliniki. Ndivyo karibu kila mtu anavyoelewa akisikia "uwezekano mara kadhaa".

Njia ya pili haigawanyi kwa watu wote. Inauliza: kwa kila mtu mmoja asiyefika, walifika wangapi? Kwenye kundi la ujumbe walifika 160 na 40 hawakufika, kwa hiyo kwa kila asiyefika walifika 4. Kwenye kundi lingine walifika 120 na 80 hawakufika, yaani 1.5 kwa kila asiyefika. Hizo 4 na 1.5 ndizo odi. Gawanya 4 kwa 1.5, unapata 2.67. Namba yangu ilikuwa pale pale, ila ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza kikaoni. (Wanaocheza mikeka wanalijua neno odi kwa maana ya malipo ya dau. Hapa lina maana nyingine: waliopatwa na jambo, ukiwagawanya kwa wasiopatwa.)

Regresheni ya lojistiki inatupa odi kwa sababu ndivyo ilivyojengwa. Inafanya kazi kwenye logi ya odi, na kila kigezo kinaongeza au kupunguza kiasi fulani pale. Kompyuta iliniandikia 0.981 mbele ya ujumbe. Ukiitoa kwenye logi kwa `exp(0.981)` unarudi kwenye 2.67.

Nilipoirudia sentensi yangu ya kwanza niliona kwamba sehemu ya mtego ilikuwa ya lugha. Kwa Kiswahili tunasema "uwezekano" kwa kila kitu: asilimia ya watu, odi, hata hisia tu kwamba jambo litatokea. Neno moja linabeba hesabu mbili tofauti na msomaji hana namna ya kujua ni ipi. Tangu siku ile nimejiwekea mpaka. "Uwezekano" nalitumia kwa kitu kimoja tu, watu wangapi katika 100. Namba ikiwa ni ya odi, neno odi lazima liwemo kwenye sentensi, na mara ya kwanza linapotokea nalifafanua kwa maneno yale yale: waliofika kwa kila mmoja asiyefika. Neno "zaidi" baada ya "mara" nimeliacha kabisa, kwa sababu "mara mbili zaidi" wengine wanaisoma kuwa mbili na wengine tatu.

Nilitaka pia kujua kwa nini kosa hili halikuwahi kunikamata kabla. Miaka miwili nilikuwa nimeandika kuhusu madhara adimu ya dawa, nikitumia sentensi ya aina ile ile, na hakuna aliyelalamika. Nikajaribu kuukamata uwiano wa odi usibadilike, uwe 2, nibadilishe tu mahali pa kuanzia.

Ukianza na mtu 1 katika 100, odi ni 1 kwa 99. Ziongeze mara mbili, zirudishe kwenye asilimia, unapata karibu 2 katika 100. Uwiano wa odi ni 2, uwiano wa hatari nao karibu 2, na ukivichanganya hakuna atakayeumia. Ukianza na 10 katika 100, unafika 18, yaani mara 1.8. Ukianza na 50, odi ni 1, zikiwa 2 unafika 67 hivi, mara 1.33. Ukianza na 80, odi ni 4, zikiwa 8 unafika 89 tu, mara 1.11.

Odi zinaweza kupanda bila kikomo, lakini asilimia ina dari ya 100. Kadiri unavyolikaribia dari hilo, ndivyo odi kubwa zinavyonunua asilimia kidogo. Tokeo likiwa adimu, wasiopatwa ni karibu watu wote, kwa hiyo kugawanya kwa wasiopatwa au kwa wote hakuleti tofauti ya maana. Madhara yangu ya dawa yalikuwa chini ya 2 katika 100. Ndiyo maana nilipona.

Kosa hili limewapata wakubwa pia. Mwaka 1999 jarida moja kubwa la tiba la Marekani lilichapisha utafiti ambao madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji waliocheza kama wagonjwa wenye maumivu ya kifua, wakaulizwa kama wangewapeleka kwa kipimo cha moyo. Uwiano wa odi kwa weusi ukilinganishwa na weupe ulikuwa 0.6, na kwa wanawake ukilinganishwa na wanaume ulikuwa 0.6 vilevile. Vyombo vya habari vikatangaza kwamba weusi na wanawake wana uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kupelekwa. Asilimia zenyewe zilikuwa 84.7 dhidi ya 90.6. Zigawanye, unapata 0.93. Pengo lilikuwepo na lilistahili kujadiliwa, lakini lilikuwa pungufu ya asilimia 7. Ile 40 ilikuwa ya odi. Kila ninapofundisha mtu mpya kazini naanza na mfano huu, kwa sababu mahali pa kuanzia ni 90 katika 100, juu kabisa karibu na dari.

Kuna jambo jingine lililonifanya niache kuudharau uwiano wa odi. Geuza swali, badala ya waliofika uhesabu wasiofika. Odi zinageuka tu: 2.67 inakuwa 1 gawa kwa 2.67, yaani 0.375. Uwiano wa hatari haufanyi hivyo. Waliofika ni 80 dhidi ya 60, uwiano 1.33. Wasiofika ni 20 dhidi ya 40, uwiano 0.5. Kwa hiyo ningeweza kuandika kwa haki kabisa kwamba ujumbe ulipunguza kutofika kwa nusu, au kwamba uliongeza kufika kwa theluthi moja, na msomaji angedhani ni tafiti mbili. Uwiano wa hatari unaeleweka haraka, lakini mwandishi anapaswa kusema anahesabu upande upi. Na kwenye utafiti unaoanza kwa kukusanya wagonjwa na wasio wagonjwa kwa idadi aliyoichagua mtafiti, asilimia ya waliougua haina maana yoyote, na uwiano wa odi ndio unaobaki.

Ilibaki kuandika ripoti upya. Kama ningekuwa na makundi mawili tu, kugawanya 80 kwa 60 kungetosha. Lakini kwenye modeli ya pili nilikuwa nimeongeza umri na umbali wa nyumbani pia, na humo uwiano wa odi ulipanda hadi 2.84. Mwanzoni nilidhani kura haikugawanya makundi sawasawa. Sivyo. Odi zina tabia hiyo: ukiongeza kigezo chenye nguvu juu ya tokeo, uwiano unasogea hata makundi yakiwa yanafanana, kwa sababu sasa unalinganisha watu wa umri na umbali mmoja badala ya kundi zima.

Ipo fomula ya mkato, `RR = OR / (1 - p0 + p0 * OR)`, ambamo RR ni uwiano wa hatari, OR ni uwiano wa odi, na p0 ni uwezekano wa kundi lisilopata ujumbe. Weka 2.67 na 0.6, inarudisha 1.33 bila hitilafu. Ukiilisha uwiano kutoka modeli yenye vigezo vingine inaanza kupotoka, kwa hiyo naitumia kukagua ripoti za wengine tu. Kwa ripoti yangu niliiuliza modeli yenyewe: wote 400 wangetumiwa ujumbe, wangefika wangapi? Na wote wasingetumiwa?

```
m <- glm(alifika ~ ujumbe + umri + umbali,
         family = binomial, data = d)
p1 <- mean(predict(m, transform(d, ujumbe = 1), type = "response"))
p0 <- mean(predict(m, transform(d, ujumbe = 0), type = "response"))
c(p1, p0, p1 / p0, p1 - p0)
```

Kila mtu anabaki na umri wake na umbali wake, kinachobadilika ni ujumbe peke yake. Nilipata 0.798 na 0.602, uwiano 1.33, tofauti 0.196. Masafa ya uhakika, yaani namba ya chini na ya juu ambamo jibu la kweli huenda limo, niliyapata kwa kuchota sampuli upya mara 2,000 na kurudia hesabu hiyo kila mara, maana masafa ya odi yanayotolewa na modeli hayahamishiki hivi hivi kwenda kwenye asilimia.

Sentensi mpya ikawa hivi: "Bila ujumbe walifika wagonjwa 60 katika kila 100. Kwa ujumbe walifika 80. Uwiano wa odi, odi zikiwa ni waliofika kwa kila mmoja asiyefika, ni 2.84 baada ya kuzingatia umri na umbali." Odi niliziacha humo kwa ajili ya watakaotaka kulinganisha na modeli nyingine, lakini zikiwa mwisho, baada ya zile mia.

Sista aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Safari hii hakufungua simu.

"Kwa hiyo nikituma kwa watu watano, napata mmoja ambaye asingekuja."

"Ndiyo, mama. Watano kwa mmoja."

Akaandika 5 pembeni ya ukurasa, akaizungushia duara, akaondoka na ripoti.