Nilivyoipima "Natafuta fundi" kwa ubao wa bao, Lamu

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa wakati naandika tasnifu yangu ya sintaksia ni huu: "Wewe ni mzawa wa Lamu, sikio lako latosha. Andika sentensi, itie nyota kama haifai, endelea." Aliyenipa ni msomi ninayemheshimu, na njia yenyewe ni ya zamani katika isimu: mtafiti hukaa mezani, hujiuliza kama sentensi yakubalika, kisha hujijibu mwenyewe. Ila swali langu halikuwa la kujibiwa na sikio moja. Tasnifu imeshapita, kwa hiyo nieleze nilivyofanya, kwani wapo wanaoambiwa maneno hayo hayo hivi sasa.

Nilikuwa nachunguza kiambishi cha shamirisho, ile -m- ndani ya kitenzi inayomtaja anayetendwa. Vitabu vya sarufi husema shamirisho akiwa binadamu, kitenzi lazima kimbebe: "Nilimwona Juma", si "Niliona Juma". Kwa jina la mtu sina ubishi. Sijapata kumsikia mtu wa mtaa wa Mkomani akisema "Niliona Juma", na pengo likiwa kubwa kiasi hicho jaribio halina kazi. Waulize watu watatu barazani, yatosha.

Lakini "Natafuta fundi" je? Tanki linavuja, hujui fundi yeyote, unatoka mlangoni unamwambia jirani: "Natafuta fundi." Nani atakushangaa? Yule msomi aliitia nyota, kwa kuwa fundi ni mtu. Mwenzangu aliyekulia bara aliniambia sentensi zote mbili, yenye kiambishi na isiyo nacho, ni sawa wakati wowote. Nami kwa kuirudia usiku na mchana nilifika mahali kila namna inasikika vizuri. Jambo hili limechunguzwa: mwanaisimu William Snyder alionyesha mwaka 2000 kwamba baadhi ya sentensi mbovu za Kiingereza hupanda daraja masikioni mwa watu kadiri wanavyozidi kuzisikia. Basi mtafiti aliyeishi na sentensi yake miezi ndiye wa mwisho kuulizwa habari zake.

Nilishauriwa kuanza na karatasi: sentensi upande huu, "sahihi" na "si sahihi" upande ule. Nikazunguka nayo mtaa wa Langoni. Bi mmoja jirani yetu aliitazama karatasi, akanirudishia. "Mwanangu, mimi sikusoma sana. Mpelekee mwalimu wa skuli." Huyu ni mtu ambaye Kiswahili chake ningekipanda mbegu. Mzee mmoja pale bandarini alisikiliza "Natafuta fundi, kaondoka na bisibisi yangu," akajibu, "Sahihi," halafu akaniuliza kwa huruma kama bisibisi imepatikana. Yeye alikuwa anahukumu kisa, si sentensi. Kijana anayesomesha alitoa kalamu nyekundu akanisahihishia alama za vituo. Waliobaki waliandika "sahihi" kila mahali, kwa sababu mtoto wa watu amekuja kwa adabu na haifai kumvunja moyo. Karatasi zile zote niliziweka kando. Neno "sahihi" humpeleka mtu darasani, na maandishi humpeleka huko huko kwa kasi zaidi. Tena jibu la ndiyo au siyo haliwezi kuonyesha sentensi iliyo katikati, na mimi nilikuwa natafuta hasa ya katikati.

Hapo ndipo nilipouchukua ubao wa bao wa marehemu babu. Kila safu ina mashimo manane; nikaziba moja, yakabaki saba. Shimo la kulia kabisa nikaliwekea mfano: "Mtoto amelala." La kushoto kabisa: "Lala kitabu mtoto me a." Msikilizaji hupewa komwe moja na swali hili tu: mtu wa hapa akiyatamka maneno haya, yatakaa wapi kati ya ile na ile? Hakuna sahihi, hakuna kosa. Wazee waliokataa kalamu waliikamata komwe bila kusita, na wengine waliirudisha shimo moja nyuma wakisema, "Hapana, siyo mbaya hivyo." Jibu la namna hii ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo! Vipimo vya alama saba ni vya kawaida katika kazi hizi. Wengine hutumia vya alama tano, na miaka ya tisini wapo waliompa mtu uhuru wa kutaja namba yoyote aitakayo kwa kulinganisha na sentensi ya kielelezo. Uhuru huo haukuonekana kuleta taarifa zaidi ya vipimo vya kawaida, kwa hiyo usijitese nao.

Sauti nayo ilinipa kazi. Nikisoma mwenyewe, nilijua ninachotaka, na sauti huchongea. Nikamwomba binamu yangu wa Shela azirekodi zote kwenye simu bila kumwambia ninachotafuta. Gharama ikawa nauli ya boti na vocha, si kitu.

Sentensi zenyewe nilizipanga nne nne, kila moja ikitanguliwa na kisa kifupi, kwa sababu bila kisa kila msikilizaji hujitungia chake. Kisa cha kwanza: tanki linavuja, sina fundi ninayemjua. Kisa cha pili: fundi aliyelitengeneza tanki juzi ameondoka na bisibisi yangu. Baada ya kila kisa yaweza kuja "Natafuta fundi" au "Namtafuta fundi". Hizo ni hali nne. Kisha nikaunda nne nyingine za mwalimu, nyingine za dereva, za yaya, za mshoni, na kadhalika. Msikilizaji asisikie fundi mara nne, kwa kuwa atagundua mchezo na kuanza kulinganisha. Kwa hiyo nilitengeneza orodha nne, aliyesikia fundi katika hali ya kwanza akasikia mwalimu katika ya pili na dereva katika ya tatu. Katikati nikachanganya sentensi nyingi zisizohusiana kabisa, zaidi ya zile zangu, baadhi nzuri waziwazi na baadhi zimevurugwa makusudi. Hizi zilizovurugwa ni za thamani mno: mtu akiipandisha shimo la saba, ujue hasikilizi, na komwe zake zote hazihesabiwi. Chagua pia maneno ambayo Kiamu na Kiswahili sanifu hawagombani. Ukiweka "macho", mzee atashuka shimo mbili kwa kuwa yeye husema "mato", nawe utadhani amekataa kiambishi.

Watu hawatumii mashimo kwa namna moja. Tuseme Bi Fulani ni mpole, sentensi zake tano zimepata 7, 7, 6, 5, 5. Bwana Fulani ni mkali: 5, 4, 3, 2, 1. Wote wawili wana sentensi katika shimo la tano. Dawa ni kuchukua alama, kutoa wastani wa mtu mwenyewe, kisha kugawa kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kipimo cha namna alama zake zinavyotawanyika. Kwa Bi Fulani wastani ni 6 na mkengeuko sanifu ni 1, kwa hivyo tano yake ni −1, ya chini kabisa kwake. Kwa Bwana Fulani wastani ni 3 na mkengeuko ni karibu 1.6, kwa hivyo tano yake ni karibu +1.3, ya juu kabisa. Ukijumlisha namba mbichi unachanganya upole wa mtu na ubora wa sentensi. Kwenye Excel, kila mtu akiwa na safu wima yake, ni mstari mmoja:

```
=(B2-AVERAGE(B$2:B$6))/STDEV(B$2:B$6)
```

Matokeo yalinifurahisha kupita kiasi. Katika kisa cha tanki linalovuja, "Natafuta fundi" ilikaa juu kabisa, pamoja na "Mtoto amelala". Nyota ya msomi ikaanguka. Katika kisa cha bisibisi sentensi hiyo hiyo ilishuka, ila haikufika chini. Ilikaa katikati, juu sana kuliko zile zilizovurugwa. "Namtafuta fundi" ilifanya kinyume: bora katika kisa cha bisibisi, na katika kisa cha tanki watu walisita, wengine wakauliza, "Fundi yupi?" Kwa hiyo na mwenzangu wa bara hakupata, kisa kina nguvu. Kinachobeba hoja hapa ni tofauti ya tofauti: kiambishi kinaisaidia sentensi kisa kimoja na kuidhuru kisa kingine. Kitu cha namna hiyo mtu mmoja mezani hawezi kukipima kwa sikio, hata awe na sikio gani.

Kabla hujasema "sentensi hii ni ya katikati", rudi uzitazame komwe moja moja. Miongoni mwa zile za kuchanganyia nilikuwa na "mbuzi yangu amepotea". Wastani wake nao ulikuwa wa katikati, lakini karibu hapakuwa na mtu aliyeiweka katikati: wengine saba, wengine moja na mbili. Hayo ni makundi mawili ya wasemaji, kila kundi na msimamo wake. "Natafuta fundi" ya bisibisi haikuwa hivyo. Wengi waliiweka wenyewe shimo la tatu, la nne, la tano. Wastani ule ule, habari tofauti kabisa. Na hata hapo sidai kwamba sarufi yenyewe ina ngazi. Chomsky alishatenganisha mwaka 1965 usarufi na ukubalifu: komwe inapima ukubalifu, ambao ndani yake mna kumbukumbu, mazoea na kisa, na sarufi ni sehemu tu ya hayo.

Nilipowasilisha, niliulizwa swali nililolitarajia: mbona Sprouse, Schütze na Almeida mwaka 2013 walichukua jozi 148 za sentensi kutoka jarida la Linguistic Inquiry, wakazipima kwa watu wengi, na hukumu za mezani zikakubaliana na majaribio kwa kiasi cha asilimia 95? Ni kweli, na nakubali kazi ile. Lakini ni Kiingereza, na hukumu iliyochapishwa kule husomwa na wazawa chungu nzima kabla na baada ya kuchapishwa, mbovu huchujwa. Linzen na Oseki mwaka 2018 walichagua hukumu za Kiebrania na Kijapani walizozitilia shaka, wakazipima, na kadhaa hazikusimama. Kiswahili kina wasemaji mamilioni, lakini wanaosoma makala za sintaksia yake na kumpinga mwandishi ni wachache. Nyota ikishawekwa kwenye kitabu chetu, hunakiliwa miaka na miaka bila mtu kuigusa.

Kwa hiyo katika tasnifu nyota nimeibakiza kwa "Niliona Juma" tu. "Natafuta fundi" nimeiandika mara mbili, kila moja na kisa chake juu yake na alama yake pembeni. Ukirudia kazi hii Malindi au kwingineko, anza na wanyama: "Natafuta ng'ombe" sikuipima, na wachungaji watakuwa na la kusema.