Jinsi nilivyotatua msimbo wa "majuto" uliotugawa

Mahojiano yalikuwa ya watu waliotumikia kifungo kwa wizi. Mimi na mwenzangu tuliweka misimbo, yaani lebo za maana kwenye vipande vya maneno yao, kila mmoja peke yake, na kwenye "majuto" tulipishana karibu kila ukurasa. Kukokotoa upya kapa, kipimo cha makubaliano kati ya waweka misimbo, kusingesaidia: kapa huonyesha kwamba mnapishana, haisemi kwa nini.

Tukaviweka mezani vipande vyenye utata. Kimoja: "Naumia sana kwa miaka niliyopoteza, lakini yule tajiri hakupungukiwa kitu." Mimi niliona majuto, yeye aliona kukana madhara, mojawapo ya mbinu za kujitetea walizoeleza wanasosholojia Sykes na Matza mwaka 1957. Tukaugawa msimbo: kuumia kwa sababu ya adhabu, na kuumia kwa ajili ya aliyeibiwa. Kila mmoja ukapata kanuni ya kinachoingia na kisichoingia. Kipande kile kikabeba "adhabu" pamoja na "kukana madhara".

Tukarudi hadi nakala ya kwanza, tukiandika tarehe na sababu ya kila badiliko. Mhojiwa mmoja alimhurumia aliyeibiwa na papo hapo akamlaumu. Kumficha kungekuwa rahisi, ila tulimweka kwenye ripoti, na dai letu tukalipunguza makali.