Kumbukumbu ya mradi wa madoa: goti lenye damu, tope na nyasi kwa pamoja

Hadi sasa nilikuwa nashughulikia doa moja moja. Safari hii imekuja suruali ya pamba ya kijivu ya mwanangu, kaanguka uwanjani akicheza mpira, na goti lina vyote vitatu. Shida ni kwamba vinagombana: tope linataka liachwe likauke ndipo lipukutishwe, damu haitaki kusubiri hata kidogo.

Nimeamua damu itangulie. Damu ina protini, na protini ikipata joto huganda ndani ya nyuzi, kwa hiyo maji ni ya baridi tu. Nimegeuza suruali ndani nje na kuachia maji ya bomba yapige goti kwa nyuma, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ukimwagia kwa mbele unausukuma ndani zaidi. Tope nalo likaondoka kwa wingi bila kusuguliwa, na hilo limenifurahisha sana, maana chembe za udongo ukizisugua zikiwa mbichi huzama kwenye kitambaa.

Ikabaki alama ya kahawia ya damu. Nikadondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, baada ya kuijaribu kwenye pindo la ndani, kwa sababu inaweza kupausha rangi. Ilitoa povu. Povu lilipotulia nikasuuza, nikarudia, hadi alama ikatoweka.

Rangi ya kijani ndiyo iliyonipa kazi. Klorofili haiyeyuki katika maji, hivyo kusuuza peke yake hakusaidii. Inayeyuka katika spiriti. Nilikamua maji, nikatandika kitambaa cheupe chini ya goti, kisha nikagusagusa doa kwa pamba yenye spiriti kutoka pembeni kuelekea katikati, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Kijani huhamia kwenye kitambaa cha chini, kwa hiyo unakisogeza kila mara upate sehemu safi. Kisipopokea rangi tena, spiriti imemaliza kazi yake.

Baada ya kusuuza, nimeloweka kwa nusu saa katika sabuni ya unga yenye vimeng'enya, maji bado ya baridi, kisha nikafua kama kawaida.

Kabla ya kuanika nililikagua goti kwenye mwanga wa jua. Kitambaa kibichi huficha doa hafifu, kwa hiyo nilianika kivulini, bila pasi wala mashine ya kukaushia yenye joto. Ilipokauka nikaona kivuli cha kijani kwenye mshono, ambako nyuzi zimebanana. Nimeurudishia spiriti na kuuloweka tena.

Inayofuata ni sweta ya sufu yenye damu mkononi. Hapo vimeng'enya vya kumeng'enya protini siviweki, kwa kuwa sufu yenyewe ni protini na vitaila. Nitaanza na maji baridi na sabuni laini.